Miaka 20, na neno moja ambalo sijawahi kukuambia

(Maneno niliyoyasema nyumbani kwetu Bweyogerere, Jumamosi tarehe 29 Novemba 2025. Watoto wameniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.)

Ssenga, shangazi wa mke wangu, wazee wetu, shemeji zangu mliotoka Masaka, ndugu zangu mliopanda basi la usiku kutoka Arua, majirani, na nyinyi wenzangu wa gereji ambao leo kwa mara ya kwanza nawaona mmenawa mikono vizuri: karibuni sana.

Binti yetu Babirye ameniambia nisizungumze zaidi ya dakika 20, yaani dakika moja kwa kila mwaka wa ndoa. Pacha wake Kato naye amenikataza kutaja giaboksi. Nitajitahidi. Tulikuwa tumepanga Kato asimame hapa atafsiri kwa Kiganda, lakini Ssenga ameninong'oneza kwamba Kiswahili anakielewa na nisimpotezee muda. Ssenga, hilo umelificha miaka 20! Nanyi mtaona baadaye kwamba katika familia yenu si wewe peke yako.

Nitasema Kiswahili kwa sababu mke wangu ameniomba. Mwanamke wa Buganda, wa ukoo wa Nseneene, aliyezaliwa mahali ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya kukimbiwa, ameniomba nizungumze Kiswahili mbele ya watu wake. Wageni wa kutoka nje hawatajua uzito wa ombi hilo, ila mliokulia hapa mnaujua.

Mimi nilikulia kambi ya polisi ya Nsambya. Baba alikuwa fundi wa magari ya polisi, Mlugbara, na tuliishi ndani ya yunipoti, kile kibanda cha bati cha mviringo ambacho mchana kinakuoka na usiku kinakugandisha. Kulikuwa na Waacholi, Waiteso, Wanyankole na sisi wa West Nile, na watoto wote tuligombana na kupatana kwa Kiswahili. Mimi sikukihesabu kuwa lugha ya askari. Kwangu kilikuwa lugha ya kucheza mpira na kuomba chumvi kwa jirani.

Sasa mwaka 2003 niko gereji Ndeeba. Ovaroli yangu imechanika mfuko wa kulia, ule unaobeba spana namba 13. Nikaambiwa ng'ambo ya barabara kuna binti ana cherehani. Nikaenda, nikamwambia kwa Kiswahili, "Dada, nishonee hapa." Akainua macho, akaniuliza kwa Kiganda, "Oli mujaasi?" Yaani, wewe ni mwanajeshi? Nikamwambia mimi ni fundi. Akanitazama kama mtu anayesubiri uthibitisho. Nikamwonyesha kucha zangu. Oili nyeusi namna ile askari hana.

Akashona. Akanitoza shilingi 500. Nikafika gereji, nikaingiza mkono mfukoni, nikakuta amenishonea tabaka mbili, na ndani ameweka kipande cha turubai ili spana isitoboe tena. Mimi sikumwomba turubai. Nilikaa chini ya gari la watu siku ile nikiwaza: huyu mtu ametazama tundu, akajua kilichotoboa.

Mfuko ule haukuchanika tena kwa miaka mingi. Hilo lilikuwa tatizo, maana nilihitaji sababu ya kurudi. Nikaanza kuchana mwenyewe mahali pengine. Nnalongo, mke wangu, mama wa mapacha, nadhani ulijua. Nguo iliyochanika yenyewe na iliyokatwa na wembe hazifanani, na wewe ni fundi.

Kwa miezi mingi tulizungumza mchanganyiko. Kiganda changu kilikuwa cha mnunuzi wa matoke, Kiswahili chako kilikuwa cha kukisia. Kiingereza tulikijua wote wawili kutoka shule, tukawaachia watu wa benki. Kiswahili na Kiganda ni ndugu, lakini ndugu wengine hukutia aibu. Usiku mmoja nilikupigia simu ya kibanda, nikasikia sauti yako imekaa vibaya, nikauliza, "Unalia?" Ukajibu, "Nimemaliza. Nililia matoke." Kwenu kulya ni kula. Mimi nikacheka, wewe ukacheka bila kujua kwa nini, na ukaniambia miaka mingi baadaye kwamba usiku ule kweli ulikuwa unatokwa machozi, mwenye duka alikuwa amekufukuza. Mpaka leo nyumbani kwetu mtu akiwa na huzuni tunamuuliza amelia matoke kiasi gani. Watoto walidhani ni methali.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Mwaka 2004, Jumapili, nimeazima gari la mteja (wenzangu wa gereji, tusamehane), nimekuja kwenu karibu na Lukaya kukuchukua twende harusini. Nilikuwa bado sijajitambulisha rasmi, nimesimama nje ya ua kama mpita njia. Mama yako alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya matoke. Wewe ukatoka na gomesi ya kijani uliyoishona mwenyewe. Nami kwa furaha, kwa sauti ya kijana anayetaka kusikika, nikasema: "Panda gari, twende!"

Mama yako akasimamisha kisu. Hakunitazama. Akaweka kisu juu ya maganda, akainuka polepole, akaingia ndani, akafunga mlango wa mbele mchana kweupe.

Wewe uliingia ndani ya gari, tukaenda kilomita tatu hujasema neno. Halafu ukanieleza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Obote kurudi madarakani, askari walizunguka mitaa ya Kampala, wakifunga barabara, wakikusanya vijana na kuwapakia kwenye malori. Amri yao ilikuwa ya Kiswahili, maneno mawili, na operesheni yenyewe watu wakaipa jina hilo hilo: panda gari. Mdogo wake mama yako alikuwa na miaka 19, anauza mashati Katwe. Mwaka 1982 alipandishwa lori. Basi. Hakuna kaburi, hakuna barua, hakuna aliyemwona tena.

Mimi nilizaliwa mwaka 1976. Nilikuwa kambini Nsambya miaka ile, mtoto mdogo anayecheza kwenye mchanga. Malori niliyaona. Kwangu yalikuwa malori tu.

Sikujua la kukuambia, na nilichokuambia kilikuwa cha kijinga, nilisema, "Lakini kwa Kiswahili maana yake ni ingia tu kwenye gari." Ukaniangalia, ukasema, "Najua maana yake." Tangu siku ile sijawahi kukuambia maneno yale mawili kwa mpangilio ule. Huwa nasema "ingia", "twende", "karibu", au nafungua mlango nanyamaza. Watoto wetu hawakujua sababu mpaka walipokuwa wakubwa. Leo ndiyo mara ya kwanza nayatamka mbele yako tangu 2004, na nimekuomba ruhusa kabla ya kusimama hapa.

Niliamini mambo yameisha. Mama gani atamwozesha binti yake kwa kijana wa kambini, Mlugbara, anayemfokea mtu lugha ile nje ya ua? Lakini Ssenga alitumwa kunichunguza. Sijui aliona nini. Alikuja gereji akijifanya anatafuta betri, akakaa juu ya tairi nusu siku, na betri hakununua.

Mwaka 2005 Bunge lilibadilisha Katiba na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Mwaka ule ule mama yako alikubali nije kwanjula, sherehe ya kujitambulisha kwenu. Wabunge walikuwa na kura zao, mimi nilihitaji kura ya mtu mmoja, na nawaambia ile yangu ilikuwa ngumu zaidi.

Wazee wa Arua walishangaa sana siku ile, niwakumbushe. Kwanza nilihitaji ukoo, maana Muganda hawezi kumwoza binti kwa mtu asiye na ukoo, na lazima uwe tofauti na wake. Watu wa Mmamba wakanikubali kama mtoto wao, na tangu siku hiyo kambare-mamba haingii kinywani mwangu. Pili, bwana harusi hasemi. Unakaa kwenye safu ya wanaume wenye kanzu na koti, msemaji wako anabishana na msemaji wao kwa mafumbo saa tatu nzima, na wewe unatoka jasho tu. Mzee wangu, Mungu amrehemu, aliniuliza kwa Kilugbara kama wanagombana. Nikamwambia wanasifiana. Ssenga akaja kunitafuta kati ya wanaume, akapita mbele yangu mara mbili akijifanya hanioni, huku watu wanacheka, kisha akanibandika ua kifuani. Jogoo wa muko nikamkabidhi shemeji yangu huyu hapa. Alikuwa jogoo mkubwa. Shemeji anasema alikuwa wa kawaida.

Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 26 Novemba 2005. Harusi yenyewe siikumbuki vizuri. Nakumbuka viatu vilinibana.

Nataka kuzungumza kuhusu mwaka 2013, na Nnalongo amekubali. Sitamtaja mtu. Rafiki mmoja alitaka mkopo, nikaweka karatasi za kiwanja chetu kama dhamana, na sikukuambia. Rafiki akatoweka. Wewe ulipata habari kutoka kwa dalali aliyekuja kupima kiwanja kwa hatua zake, huku wewe unaanika nguo.

Hukupiga kelele. Ungepiga kelele ningefarijika. Ulichofanya ni kwamba Kiswahili kikaondoka ndani ya nyumba. Jioni narudi, unapiga magoti mlangoni kama walivyokufundisha kwenu, unasema, "Kulikayo, ssebo." Karibu tena, bwana. Chakula kiko mezani, maji ya kuoga yana joto, ssebo huku, ssebo kule. Heshima yote ya Buganda ikanishukia. Mgeni angetuona angesema huyu mwanaume ana bahati. Siku 11! Mimi najua, nilizihesabu. Nilikuwa natamani uniite mjinga kwa lugha yetu.

Siku ya 11 nilikuja na ile ovaroli. Ilikuwa imechanika kweli, mfuko ule ule wa kulia, miaka kumi baadaye. Nikaiweka juu ya cherehani, nikatoka nje. Nikasikia mashine inaenda. Iliposimama nikaingia. Ulinirushia ovaroli, ukasema kwa Kiswahili, "Elfu moja. Bei imepanda."

Nikalipa.

Deni lilikuwa shilingi milioni 2 na laki 4. Mimi nilikuwa na mipango mingi ya kijasiri, wewe ukachukua kalamu. Ushonaji wa gomesi moja ulikuwa unakubakizia elfu 30. Mnaofahamu gomesi mnajua si nguo ya mchezo: mita sita za kitambaa, mabega yale yaliyosimama kama masikio, ukikosea mpindo wa shingo ya mraba mvaaji anaonekana amevaa dirisha. Ukaandika: milioni 2 na laki 4 gawanya kwa elfu 30, gomesi 80. Nyingine za kawaida zitalisha watoto, hizi 80 ni za deni, zishonwe usiku. Mimi nikapewa kazi ya kushona vifungo, viwili kwa kila gomesi, upande wa kushoto. Vidole vyangu havishiki sindano, ila nilijifunza. Kila gomesi ikiisha tuliweka kifungo kimoja kwenye kopo la siagi. Kulikuwa na usiku ambao umeme ulikatika, tukashona kwa taa ya simu, wewe umelala na kichwa juu ya mashine, nami naendelea na kifungo kwa sababu ya aibu. Wateja fulani wa Mukono walivaa vifungo vilivyolegea. Wanisamehe.

Miezi 14. Kopo lile liko pale juu ya kabati, vifungo 80 ndani. Kizza, mdogo wa mapacha, alipokuwa mtoto alilitikisa kama kayamba. Sijawahi kuwa na kitu cha thamani zaidi ya kopo hilo, maana kwa vifungo vile hukukomboa kiwanja tu, ulinikomboa mimi.

Huyo Kizza naye, nisimsahau. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipoamua kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, nilijiona profesa. Mtoto akaja na daftari, nikamsaidia kazi ya nyumbani, akarudi na makosa tisa kati ya kumi. Kumbe kambini tulikuwa tunasema "gari yangu" na "kiti yako", na mwalimu anataka "gari langu" na "kiti chako". Tangu hapo nikisema anasahihisha. Hata hapa nilipo ananitolea macho.

Basi, nije kwa mama yako.

Wageni wa Arua, kwa Waganda mkwe wa kiume na mama mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai karibu, hawali pamoja. Wanasema ukivunja unapata ugonjwa wa kutetemeka, na ugonjwa wenyewe unaitwa obuko. Kwa hiyo kwa miaka 12 mimi na mama yako tulipendana kwa mbali, kama tunapendana kweli, maana sikuwa na uhakika. Nikifika alikuwa anapita uani. Salamu zinapita kwako. Na mimi, kwa kuwa nilijua hasikii Kiswahili, nilijipa uhuru. Krismasi ya mwaka 2006 ulinileta sahani sebuleni, yeye yuko nyuma ya pazia, nikakunong'oneza, "Chumvi imezidi, lakini usimwambie." Tulipokwenda tena Pasaka, chakula changu kilikuwa na chumvi kidogo. Nikafikiri bahati.

Septemba 2017 tulimfuata Lukaya alfajiri kumleta hospitali Kampala. Miguu ilikuwa imevimba, anapumua kwa shida. Wewe ulimshika upande mmoja, dada yako upande wa pili, mimi siruhusiwi kumgusa. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kufungua mlango wa nyuma. Nikafungua. Nikasimama kando, nikaangalia chini kama inavyotakiwa, na nikatambua kwamba sijui niseme nini. Mtu anapokaribishwa garini unasema neno. Mimi neno sina. Ulimi umekauka.

Mama akafika mlangoni. Akashika ubavu wa gari, akapumzika. Kisha akasema kwa Kiswahili, wazi kabisa, "Napanda."

Akapanda.

Tulivuka Lwera tumenyamaza wote. Jua linachomoza upande wako, maji yako pande zote mbili za barabara, wavuvi wameanza kuning'iniza samaki. Tulipopita pale Kayabwe kwenye mstari wa ikweta, nikasikia sauti nyuma, ile ile, Kiswahili cha kuvunjikavunjika: "Mtoto. Chumvi sasa iko sawa?"

Nilipunguza mwendo, la sivyo ningeingia mtaroni. Wewe ulicheka mpaka ukamlalia begani. Ndipo akatueleza. Mwaka 1979, Watanzania walipokuwa wanapigana na majeshi ya Amin pale Lukaya, kisha wakapita kwenda Kampala, baadhi yao walikaa karibu na shamba lao. Watu waliwaita bakombozi. Aliwauzia ndizi. Wakamfundisha kuhesabu, kusalimia, kusema bei. Kijana mmoja wa Kitanzania alimwita "mama" ingawa walilingana umri. Kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, na alikuwa amekipenda. Kisha mwaka 1982 ukaja, akakifungia ndani yake kama alivyofunga ule mlango. Alisikia kila nilichosema miaka 12. Na aliposikia, akapunguza chumvi.

Alikaa nasi wiki tano nyumba hii. Alifariki Novemba. Nnalongo, hujawahi kuniuliza nilihisi nini siku ile, na sitakuambia sasa, mbele ya watu wa gereji.

Lakini nitakuambia nilichokiona tangu hapo. Wewe hukuzaliwa na sababu yoyote ya kujifunza lugha hii. Ulikuwa na sababu ya kuikataa. Ukajifunza neno kwa neno kwenye cherehani, na lile moja ambalo mama yako hakuweza kulisikia, ukanipa nafasi niliache bila kunitukana. Sijui mtu anajifunzaje wema wa namna hiyo. Nadhani ni macho yale yale yaliyoona spana ndani ya tundu.

Dakika zangu zimekwisha, Babirye ananionyesha saa. Nimalizie na jambo la jikoni.

Mnajua huu ni mwezi wa nsenene, wale panzi tunaowala. Mnajua pia mke wangu ni wa Nseneene, na mtu hali muziro wake, yaani kiumbe chenye jina la ukoo wake. Hajawahi kuonja hata mmoja maisha yake yote. Mimi nawapenda nsenene kama mtoto. Basi kila Novemba kwa miaka 20 huyu mwanamke anakwenda Katwe asubuhi, ananunua kwa vikombe, anakaa kuwanyofoa mabawa na miguu mmoja mmoja, anawaweka kwenye kikaango bila mafuta kwa sababu wana mafuta yao, kitunguu baadaye, na anajua wameiva kwa sikio: wakianza kulia kama kokoto kavu anaepua. Yote anayaweza. Isipokuwa kitu kimoja, hawezi kujua chumvi. Miaka ya mwanzo aliniletea kijiko gereji nionje. Kisha watoto wakawa waonjaji, maana wao wanafuata ukoo wa baba.

Leo saa moja asubuhi nimepita jikoni kutafuta chai. Mama yangu aliyefika kutoka Arua alfajiri, hata mguu hajaupumzisha, amekaa kwenye kigoda kando ya jiko. Mke wangu amevaa kitenge, amechutama mbele yake, amemnyooshea kijiko. Mama yangu Kiganda hajui. Mke wangu Kilugbara chake kinaishia kwenye "Mi ngoni". Mama akatafuna, macho amefumba. Na Nnalongo, kwa Kiswahili kile kile nilichokipeleka mimi Ndeeba na ovaroli iliyochanika, akamuuliza:

"Mama, chumvi je?"